Kiarabu cha Taarifa ya Habari

Kwa maandishi, Ghizlan aliwaudhi watu. Ana kwa ana alikuwa mwanamke wa kawaida tu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, mzaliwa wa Khouribga huko Moroko, aliyekuja Kuwait kusafisha na kuchemsha vyombo vya daktari wa meno. Lakini akishika simu kuwaandikia wenzake wawili wa kliniki aliokuwa akiishi nao, aligeuka mtu mwingine.

"Dada zangu wapendwa," aliandika asubuhi moja kwenye kundi lao, "ningependa kuwakumbusheni kwamba sufuria iliyoachwa jikoni tangu jana haijaoshwa bado. Nawatakieni siku njema."

"Mahakama! Wote simameni!" akajibu Nermin, Mmisri wa mapokezi, akabandika vijisura vya kucheka hadi chini ya kioo.

Rahaf hakucheka. Rahaf alikuwa Mshami, msaidizi wa daktari, na mkataba wa nyumba ile ya Salmiya uliandikwa kwa jina lake. Alikwenda jikoni, akaosha sufuria kwa kelele zote ambazo sufuria inaweza kutoa, na siku nzima kazini akampa Ghizlan mgongo.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Alipohamia tu, Ghizlan aliwaandikia kama anavyomwandikia mdogo wake, kwa Kiarabu cha kwao, maneno yamekatwa irabu na kusukumana kama watu mlangoni. Nermin alimjibu, "Shoga, hiki ni Kiarabu au umeumwa na kitu?" Kisha akapiga picha ya ujumbe ule na kuuonyesha kliniki nzima. Mapokezi wakasoma kwa sauti. Daktari mwenyewe akasoma, akauliza kama kuna mkalimani. Neno "sasa" tu liliwatosha kwa wiki: Ghizlan akiandika *daba*, wao humwitikia "Daba! Daba!" kama wanaoita kuku. Rahaf yeye husema *halla*, Nermin *dilwati*, na hakuna aliyewahi kuwacheka hao.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Yeye aliwaelewa wote wawili bila shida. Alikuwa amelelewa na tamthilia zao, Kimisri mchana na Kishami jioni, mama yake akikamua machozi kwa misiba ya mitaa ambayo hajawahi kuikanyaga. Wao kwa upande wao hawakuwahi kusikiliza chochote kutoka Moroko. Njia ilikuwa ya kwenda tu.

Kazini alijipinda. Kwa wagonjwa alisema Kiarabu kile cha mchanganyiko, kisicho na kwao, Kishami kidogo na Kighuba kidogo, na walimwelewa. Lakini hicho kilikuwa cha ajira tu. Alikivaa pamoja na glavu na kukivua pamoja nazo. Akirudi nyumbani, akiwa na simu mkononi na miguu juu ya mto, hakutaka tena kuazima mdomo wa mtu. Akachagua Kiarabu sanifu, kile cha shule na magazeti, ambacho hakuna mama yeyote aliyewahi kumwimbia mwanawe. Si changu, si chenu, aliwaza. Hapo tuko sawa.

Hakumwambia mtu. Wakambatiza Mtangazaji.

Mkataba wa nyumba ulipokaribia kwisha, Rahaf alipata nyumba nyingine Hawalli, yenye mwanga na karibu na kazi. Ghizlan hakuwa na ndugu mjini wala mahali pengine pa kulaza kichwa. Aliuliza kwenye kundi: "Je, mmeshaamua kuhusu mgawanyo wa vyumba? Nitashukuru kufahamishwa."

"Bado tunalitafakari suala hilo," alijibu Rahaf, naye kwa sanifu.

Kundi likanyamaza. Wiki ikaisha, nyingine ikaingia. Zile kelele zote za zamani, picha za viatu, masengenyo ya daktari, zilikuwa zimekauka. Ghizlan alidhani ni uchovu.

Ijumaa Nermin alikuwa mezani akikatakata mlenda wa Kimisri, vidole vyote kijani, simu yake kando ya sinia. Ikalia. Ghizlan, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu upande wa pili, akatupa jicho. Kioo kilionyesha jina la kundi asilolijua: Bila Mtangazaji. Chini yake, maneno ya Rahaf kwa Kishami: "Chumba kidogo namkabidhi binamu yangu. Yule tutamwambia mwisho wa mwezi, asije akatuletea hotuba."

"Yule ni nani?" Ghizlan akauliza.

Nermin akaangalia simu, akaangalia vidole vyake. "Ee Mola. Sikiliza mpenzi, mimi simo."

"Umo. Jina lako limo."

"Basi nimo! Ungetaka tufanye nini? Mtu hawezi kutania mbele yako. Ni kama kuvua viatu mbele ya waziri."

Rahaf alitoka chumbani, nywele zimefungwa taulo. Hakukana kitu.

"Afadhali umejua," alisema. "Mwaka mzima unaniandikia kama ofisi ya kodi. Kwetu mtu akikuandikia sanifu nyumbani kwako, maana yake amekuchoka. Nililala nikijiuliza, nimemkosea nini huyu? Baadaye nikachoka kujiuliza."

"Nilipoandika kwa lugha yangu mlinicheka."

"Tulitania!"

"Mlimpa daktari asome."

"Aliyempa ni Nermin."

"Haya, sasa ni Nermin!" alipiga kelele Nermin, kisu kikiwa hewani.

"Mbona kliniki unaongea vizuri tu?" Rahaf akaendelea. "Unaweza. Unatunyima kwa makusudi, unajiona msomi. Nitakwambia wazi: binamu yangu anaweza kungoja. Chumba kipo. Andika kama watu, tuishi kama watu."

"Watu gani?"

"Sisi, Ghizlan. Sisi watu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ghizlan alinawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa rahisi. Kimstari kimoja cha Kishami, *halla* moja na "mpenzi" moja, angepata chumba chenye mwanga. Angeamka huko kila siku na glavu zake mdomoni.

Aliandika kwa Kishami. Hakuchanganya kitu. Alikiandika kama wanavyokisema akina mama wa mtaani kwao Rahaf wanapogombana dirisha kwa dirisha, kwa vile vikato vyao vyote, laana zao za utamu, na viapo vyao vya kaburi. Alimwambia Rahaf kwamba ana roho ndogo kuliko chumba anachokigawa; kwamba alijua kukisema Kishami hiki tangu siku ya kwanza na hakuona mtu wa kumpa; kwamba binamu aje na mito yake. Akasoma mara moja, akatuma kwenye lile kundi lao watatu, wote waone.

Upande wa pili wa ukuta alimsikia Rahaf akivuta pumzi, kisha Nermin jikoni akisema polepole, "Wallahi huyu ni Mshami kabisa." Hapakuwa na kicheko. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamemwelewa mpaka neno la mwisho.

Simu ikatetemeka.

"Bibi Ghizlan," aliandika Rahaf, kwa sanifu, "tumeupokea ujumbe wako. Tafadhali uondoe vitu vyako kabla ya tarehe ya kumalizika kwa mkataba. Asante."

Ghizlan aliusoma mara mbili. Hakukuwa na tusi ndani yake, kila neno lilikuwa safi mahali pake, na bado alihisi baridi ikimpanda miguuni, kama mtu aliyefungiwa nje na mwenye nyumba aliyemtakia heri. Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wakimsoma.

Haikubadilisha kitu. Akavaa viatu, akashuka kwa muuza mboga wa chini kuomba maboksi matupu.