Mama Mikate na W ya Bwana Muhuri

Mama Mikate alikuwa mwanamke wa neno lake. Akikuambia mkate utatoka asubuhi, asubuhi utaukuta dirishani unafuka moshi. Ndiyo maana siku ile Bwana Muhuri, mwenye ghala la unga, alipomwambia alete barua ya ahadi ya kulipa, alihisi kama amevuliwa kilemba sokoni.

Kosa lilikuwa lake, hakatai. Alichukua mifuko ishirini ya unga wa ngano kwa mkopo, tarehe ya kulipa ikafika, ikampita huku anaitazama. Kantini ya hospitali, inayonunua mikate yake mingi kuliko wote, ilichelewesha malipo kwa sababu mhasibu wao alikuwa likizo na kabati la hundi lilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikwenda likizo pamoja naye. Sasa utamwelezaje mtu kisa kama hicho akuamini?

"Bwana Muhuri, Mungu shahidi, Ijumaa ijayo nakulipa yote. Nipe mifuko kumi leo, tanuri langu lisipoe. Hospitali wakikosa mkate kesho, wanakwenda kwa mwingine, na hapo hata hilo deni sitaliweza."

"Mama, Mungu ni shahidi mzuri, lakini hatii sahihi," alisema Bwana Muhuri. "Maneno ya mdomo mimi siyajui. Lete barua: unakiri deni, unataja tarehe mpya, unasema nikuchukulie nini ukishindwa. Na mashahidi wawili. Mzigo utatoka."

Huyo ndiye Bwana Muhuri. Mtu akimsalimu, nusura amwombe salamu kwa maandishi. Muhuri wake alitembea nao mfukoni, na mfuko wa shati ulikuwa na duara la wino wa zambarau pale kifuani, kana kwamba hata moyo wake ulishagongwa ukapitishwa.

Mama Mikate akaenda stenshenari ya jirani akifuatana na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kama shahidi lakini zaidi kama mdomo wa akiba. Mchapaji wa pale aliitwa Kidole, kwa kuwa alichapa kwa kimoja tu. Alikuwa ametoka kumchapia mwalimu mmoja malalamiko marefu ya kutolipwa mshahara, na bado alikuwa na hasira za mwalimu.

Barua ya kwanza Bwana Muhuri aliikataa: kiasi kimeandikwa kwa tarakimu, hakijaandikwa kwa maneno. Ya pili akaikataa: namba ya ankara haipo. Mama Mikate akarudi stenshenari mara ya tatu huku kijasho kinamtoka na wifi anasonya njia nzima. Kidole naye akachoka, akaifuta yote, akaichapa upya kwa fujo. Hii ya tatu Bwana Muhuri aliikagua kwa kidole: kiasi, sawa. Ankara, sawa. Tarehe, sawa. Mama Mikate akatia sahihi. Wifi akatia sahihi. Mtunza ghala, mzee mpole aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, akatia sahihi. Bwana Muhuri mwenyewe akaandika "Nimesoma na kukubali," akagonga muhuri, pwaa!

Mifuko kumi ikatoka. Lakini usiku ule Mama Mikate alikanda unga akilia. Si kwa ajili ya deni, bali kwa vile alivyoonekana tapeli mbele ya watu waliomjua miaka yote.

Ijumaa ikafika. Mhasibu alikuwa amerudi na ufunguo wake, na Mama Mikate aliingia ghalani na fedha zote kwenye mkoba, wifi nyuma yake. Hakuketi. Alitaka kulipa aondoke.

"Subiri, mama. Mambo kwa utaratibu," alisema Bwana Muhuri. Akaitoa barua kwenye jalada, akakohoa, akaanza kuisoma kwa sauti ya mahakamani. "'Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kupokea mifuko thelathini ya unga kwa mkopo, ishirini ya zamani na kumi ya leo. Tarehe ya malipo ya ile ishirini ilipita. Ninaahidi kwamba nitalip... nitalipwa...'"

Akaisogeza barua puani, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Endelea, Bwana Muhuri," alisema wifi, masikio yamesimama.

"'...nitalipwa laki tisa na elfu sitini, bila kupungua hata senti, Ijumaa kabla ghala halijafungwa. Nisipolipwa, mwenye ghala achukue mashine yangu ya kukandia.'"

"Alaa!" Wifi alipiga kofi mezani. "Yaani usipomlipa, unamnyang'anya na mashine? Jambazi gani wewe!"

Mtunza ghala alicheka mpaka unga ukamruka kwenye nyusi. Bwana Muhuri alibadilika rangi. "Ni kosa la uchapaji! Mstari wa kwanza unakiri mkopo. Hata hakimu ataona!"

"Mstari wa kwanza unasema alibeba mifuko thelathini. Wa pili unasema analipwa. Huo ni ujira wa upagazi!" wifi alijibu. "Na wewe umeandika hapa, 'Nimesoma na kukubali.' Ulisoma nini, bei ya karatasi?"

Sasa Mama Mikate akavuta kiti, akaketi. Mkoba aliuweka mapajani akaukumbatia. Wiki nzima hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.

"Bwana Muhuri, leo ndiyo Ijumaa. Nami nangoja."

"Mama, usinifanyie hivyo," alisema yule bwana. "Unajua kabisa mimi na wewe tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana wapi? Kwenye karatasi hapana."

"Tulikubaliana... tulisema. Ulisema Ijumaa utalipa."

"Nilisema kwa njia gani?"

Bwana Muhuri aliangalia dari. Aliangalia mizani. Hakuna kilichomsaidia. "Kwa mdomo," alisema.

"Sema kwa nguvu, mzee wa ghala ana unga masikioni."

"Kwa mdomo! Ulisema kwa mdomo, na mimi nakuamini!"

Wifi alikuwa tayari anamfinya, anamnong'oneza waondoke, mkoba huo ungewatosha tanuri jipya. Mama Mikate akamtoa mkono. Akafungua mkoba, akazipanga noti mezani fungu kwa fungu, mpaka la mwisho.

"Nilisema nitalipa. Hesabu. Kisha tukate hiyo w, sote wawili tutie sahihi ndogo pembeni, isije ikamtesa mtu mwingine. Na risiti yangu."

Bwana Muhuri alihesabu. Ile w ikakatwa, na ile ya "nisipolipwa" nayo, wakatia sahihi pembeni. Kisha akavuta kitabu cha risiti, akaandika kwa mkono wake: "Nimelipwa na Mama Mikate deni lote, hadaiwi." Hapo w ilikuwa mahali pake. Wifi aliisoma mara mbili kwa usalama.

Lakini kalamu haikuinuka. Bwana Muhuri aliinama zaidi, akaongeza mstari mwingine chini, ambao hakuna aliyemwomba, akaugonga muhuri wa peke yake. Akamkabidhi bila kumtazama.

Mama Mikate alisoma: "Huyu mama neno lake linatosha."

Aliikunja risiti, akaitia mkobani, akajipangusa macho, akamwambia mtunza ghala apunguze kupuliza unga, unamwingia machoni.