Mdomo wa Mfereji na Barua Pepe ya Kikao

Kikao chetu cha wakulima wa mboga, huku juu ya Mlali, kiliisha vizuri. Tulikubaliana nyumba yetu, iliyo juu kabisa, izibue mdomo wa mfereji, tukala mihogo, tukatawanyika.

Kesho yake katibu akatuma barua pepe. Mume wangu ndiye mwenye simu ya mambo hayo. Mimi kusoma kwangu ni kwa kufuatisha kidole. Akanisomea kibarazani kwa sauti ya hotuba: yaliyoamuliwa, mhusika wa kila kazi, siku ya mwisho. Mbolea, mwenyekiti, Jumatano. Kuonana na mnunuzi wa sokoni, katibu mwenyewe, Alhamisi. Mara akafika penye jina lake: kuzibua mdomo wa mfereji, Ijumaa.

Akazima simu, akaitia mfukoni.

Nikajua ataifanya kazi hiyo. Wapi! Miche yangu ya kabichi kitaluni ikaanza kulegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, mfereji mkavu. Alhamisi asubuhi nikamfokea.

"Mzee, umeandikwa! Jembe unalitunzia nini?"

"Nani kanituma niguse mdomo ule? Mimi hapa nimeoa tu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kweli tupu! Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Mfereji ule aliuchimba mama yake bibi yangu na ndugu zake, enzi za Mjerumani, na mpaka leo mume hatii jembe mdomoni pale kabla mwanamke wa ukoo hajaanza. Yeye ananingoja nianze, mimi namngoja amalize, kabichi zinatungoja wote wawili. Katibu wetu kaolewa huku akitokea Turiani. Aliposikia "nyumba ya juu" akamwandika baba mwenye nyumba.

Nikanyakua simu, tukampigia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umemwandika mkwe wa watu kwenye mfereji wetu. Mtoe, niweke mimi."

"Jamani! Nisamehe, bibi. Siku nayo niisogeze?"

"Iache Ijumaa. Kabichi hazisogei."

"Basi natuma marekebisho kwa wote waliopata ile ya kwanza, mtu asibaki na mhusika wa zamani."

Hatujamaliza chai, simu ikalia. Mume wangu akasoma: mhusika, jina langu, langu mimi, si mke wa fulani. Nikamwambia arudie.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe msaidizi. Hata huandikwi."

Ijumaa kulipokucha nikapiga jembe la kwanza. Ndipo yeye akaingia, na bila uongo, mwanamume yule analima! Tope na majani vikatoka, maji yakakohoa, yakateremka yakipiga kelele hadi kitaluni. Wanawake wa chini wakapiga vigelegele kabla hayajawafikia.

"Toa simu," nikamwambia, mikono yake tope tupu. "Wajibu wenzetu wote: kazi imekamilika. Na chini weka jina langu."

Akajifuta kwenye kanga yangu, akaandika. Siku hiyo sikumgombeza.