Yule wa Pembeni kwenye Kioo cha Skana

Shangazi yangu alikuwa na studio ya picha Majengo, mjini Songea, na miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuingia kwa wingi, naye akataka chake. Akaagiza Dar es Salaam kompyuta iliyokwisha tumika, printa, na skana ya mezani: sanduku bapa lenye kioo juu na kifuniko cheupe kama cha sanduku la nguo. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, kwa hiyo nikawa mtaalamu. Na nikikwambia nilikuwa na majivuno, ujue ninapunguza.

Asubuhi moja ya kiangazi waliingia bibi wawili, ndugu, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Mkubwa alikuwa ametoka Namasakata, Tunduru, kwenye mikorosho yake, kumtembelea mdogo aliyeolewa huku Songea na kuishi Ruhuwiko. Kesho yake alikuwa anarudi Tunduru kwa basi. Alikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, na mdogo alitaka ikuzwe apate ya kwake kabla haijaondoka tena.

"Shikamooni," nikawaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, tazama mwenyewe," akasema mkubwa. "Huyu mama yetu, Mungu amrehemu. Huyu mimi. Na huyu hapa pembeni, eti ndiye huyu."

Nikatazama. Mama amekaa kitini katikati, binti mkubwa amesimama wima upande wa kushoto wa picha kama askari, na kulia kabisa, mwishoni mwa karatasi, kuna nusu ya mtoto: jicho, shavu, bega, na kitu cheusi chini yake ambacho hukijui ni mkono au ni nguo. Mtu mmoja zamani aliupunguza ukingo mweupe wa upande huo kwa mkasi ili picha iingie kwenye fremu, kwa hiyo mtoto aliishia palepale karatasi ilipoishia.

"Alikuwa anakimbia," mkubwa akasema. "Mpiga picha kaita, yeye huyo! Tangu utoto hakai mahali pamoja. Ndiyo maana hayumo."

"Nimo," akajibu mdogo.

"Nusu."

Walicheka, lakini mdogo alicheka kidogo kuliko mwenzake. Akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama hakuwa na picha nyingine. Mjukuu wangu, ukiikuza, nami nionekane. Hicho tu." Nikamwambia asiwe na shaka, maana mimi siku hizo sikuwahi kuwa na shaka.

Nikailaza picha kifudifudi kwenye pembe ya kioo yenye kimshale, nikaisukuma mpaka ikagusa fremu pande mbili, kama shangazi alivyotaka tufanye na kila kitu. Kwake pembe ndiyo ilikuwa sheria. Nikafunga kifuniko, nikaskani kioo chote bila kuchagua eneo, nikachapa. Kikatoka kitu cha kusikitisha: karatasi nzima ya kijivu, mstari mweusi wa mwisho wa kifuniko, na kule kwenye kona familia ndogo kama stempu. Tena picha yenyewe ilikuwa imefifia, kwa sababu kompyuta ilipima mwanga na giza kwa weupe wa kifuniko na weusi wa ule mstari, siyo kwa nyuso za watu.

"Wametuweka uwanjani," akasema mkubwa.

Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Nikabonyeza priviu, yaani skana ipite haraka ikuonyeshe kilichopo juu ya kioo kabla ya kazi yenyewe. Juu ya priviu kuna kisanduku cha vinukta unachokivuta kwa kipanya. Kinachobaki ndani ndicho kinachoingia kwenye faili, cha nje hakipo kabisa. Nikakivuta kikakumbatia picha tu. Nikaskani, nikachapa, nyuso zikajaa karatasi, nyeusi ikawa nyeusi kweli. Nikamkabidhi mdogo kwa mbwembwe zote.

Aliifuata kwa kidole mpaka pembeni. Halafu akasema, "Mmeniondoa."

Na kweli. Lililobaki lilikuwa sikio na kipande cha bega. Nikarudi kwenye priviu nikijiandaa kulaumu kisanduku changu, lakini hata nikikivuta mpaka mwisho, hakukuwa na mtoto wa kuvuta. Ndipo nikaelewa: taa ya skana haisomi mpaka kwenye fremu. Pembeni kuna ukanda mwembamba, milimita chache, usioonekana kabisa. Kwenye barua ukanda huo hula weupe mtupu na hakuna anayelalamika. Huyu bibi ulimla yeye.

"Shangazi," nikasema, "pembe yako inakula watu."

"Pembe yangu imelisha watu," akajibu kutoka chumba cha giza cha kusafishia picha, "wewe ukiwemo."

Nikaileta picha katikati ya kioo. Sasa ikakaa upande, na kisanduku chenyewe huwa wima daima: ukiacha nafasi, pembetatu ya kifuniko inaingia, ukibana, unamkata mtoto. Nikachukua kipande cha boksi la karatasi za picha, nikainyoosha picha kwa ukingo wake, nikakiondoa. Nikafunga kifuniko kwa kishindo, upepo wake ukaisogeza picha tena. Hapo nilisema neno ambalo sikupaswa kulisema mbele ya wazee, nao wakajifanya hawakusikia, Mungu awabariki.

Mara ya pili nilikishusha kifuniko polepole kama ninamfunika mtoto aliyelala. Priviu mpya. Kisanduku karibu na picha, kisha nikabonyeza alama ya kioo cha kukuzia ili priviu ipigwe upya kwa eneo hilo tu, kubwa, nione karatasi inaishia wapi hasa. Pande tatu nikaingia ndani ya ukingo mweupe. Upande wa kulia nikasogeza mstari kidogo kidogo, mpaka kivuli cha karatasi kikabaki nje na mtoto akabaki ndani, yote yake aliyokuwa nayo. Umeme ulikuwa umeanza kuyumba. Nikaomba, nikabonyeza.

Printa ilitoa picha taratibu, kutoka juu: kilemba cha mama, nyuso, jicho la yule mtoto, bega. Kisha kile kitu cheusi cha chini. Shangazi naye alikuwa ametoka kutazama. Kilikuwa mkono wa mama, umenyooka kutoka kitini mpaka pembeni kabisa, na vidole vyake vimeukamata mkono wa mtoto juu kidogo ya kiwiko. Vidole vilionekana kimoja kimoja.

Bibi mdogo aliigusa karatasi kwa ncha ya kidole, wino haujakauka. "Alhamdulillahi," akasema. "Alinishika. Dada, tazama, mama alikuwa amenishika." Akapiga kigelegele palepale dukani, mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia. Mimi niligeukia kompyuta nikajifanya nina kazi, kwa sababu machozi yalikuwa yananilengalenga.

Mkubwa aliichukua picha akaisogeza karibu na macho. Akaitazama muda mrefu, akautafuta mkono wa mama wa upande wake. Ulikuwa umelala tu juu ya goti.

"Na mimi je?" akauliza, na hakuwa anatania. "Mimi mbona hajanishika?"

Mdogo aliacha kushangilia. Akamshika mkono, juu kidogo ya kiwiko.

"Wewe ulikuwa unakaa mahali pamoja, dada," akamwambia. "Alijua huendi popote."