Vipande vya Shangazi

Watu walimwita Bisibisi, na fundi simu huyu sifa yake ilikuwa moja: simu ikipita mezani kwake, chaji inakaa siku mbili. Wala haukuwa uchawi. Kabla ya kumrudishia mtu simu, aliingia kwenye mipangilio ya betri akazibana programu zote zisifanye kazi zikiwa nyuma, yaani mtu akihamia kitu kingine, isipokuwa za kupiga simu na za ujumbe. Hakuombwa, hakumwambia mtu. Kwake hiyo ilikuwa ofa.

Alasiri moja akapita kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea. Akakuta mkasi mkubwa wa kukatia umefungwa kwenye gazeti.

"Mpelekee binamu yako," shangazi akasema. "Mimi kukata basi."

"Shangazi! Kulikoni?"

"Kichwa kinaniacha, mwanangu. Nitaharibu kitambaa cha watu."

Akamwonyesha simu. Akipumzika hucheza mchezo wa kuunganisha picha. Anapanga vipande arobaini, anaitwa kumpima mteja, akirudi vipande havipo.

"Naapa nilivipanga. Au sikuvipanga? Miezi mitatu sasa, nimenyamaza kwa aibu."

Bisibisi akamwambia acheze. Vipande ishirini vikakaa. Kisha akatoka nje, akampigia, wakapiga soga dakika kadhaa. Shangazi alipourudia mchezo, ukaanza upya kwa nembo yake, na picha ikawa vilevile kama kabla hajaigusa.

"Umeona?" shangazi akasema.

Hapo Bisibisi akang'amua. Miezi mitatu nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyembadilishia shangazi kioo cha simu, na kwa mazoea yake akazibana programu. Mchezo ule huhifadhi picha pale sehemu nzima inapokamilika. Ukiachwa katikati, simu inauzima, na vipande vya sehemu isiyokamilika vinapotea.

Angeweza kuilegeza kimyakimya akaaga. Nani angejua? Lakini mkasi ungebaki kwenye gazeti. Akafungua mipangilio, akauruhusu mchezo utumie betri bila vikwazo, akautoa pia kwenye orodha ya programu zinazolazwa. Wakarudia jaribio lile lile. Safari hii vipande vyote ishirini vilikuwa palepale.

"Shangazi, nisamehe. Kichwa chako kizima. Ni mimi niliyeibana simu yako ili chaji ikae."

Shangazi akaangalia vipande, akamwangalia yeye.

"Mimi mzima?"

"Mzima kabisa."

"Miezi mitatu nalia chooni, kumbe ni wewe, mjinga wewe!" Akampiga kofi la bega, kisha akalia waziwazi, na Bisibisi akasimama pale hajui aweke wapi mikono.

Shangazi akalirarua lile gazeti, akautoa mkasi, akatandaza kitambaa mezani. Akakata mkato mrefu, ulionyooka.

"Na hao wateja wako wengine," akasema bila kuinua macho, "umewabana wangapi?"

Bisibisi akahesabu kichwani, akashindwa. Akaenda kufungua duka lake la simu, aanze kuwaita mmoja mmoja.