Aliyesogeza Tarehe ya Vitabu vya Wauguzi

Mama Karatasi, msimamizi wa kiwanda kidogo cha uchapaji, alikuwa na sauti ya kuzima mashine bila kugusa swichi. Jumatatu ile alifoka hadi vumbi la dari likashuka kusikiliza.

Chuo cha wauguzi kilikuwa kimepiga simu kuulizia vitabu vya mahafali. Mahafali ni Alhamisi hii. Kwenye kompyuta, kadi ya kazi hiyo ilisema mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa, na hakuna ukurasa hata mmoja uliochapwa.

"Tarehe ilikuwa kumi na mbili! Nani kaisogeza?" Akamkazia macho Mzee Herufi, mpangaji wa kurasa. "Ni wewe, mzee. Umejipunguzia kazi kimyakimya."

"Sijaigusa, mwanangu."

"Mwanangu nani? Vua aproni, nenda nyumbani hadi nikuite!"

Wafanyakazi saba walitazama viatu vyao. Mzee akavua aproni, akaikunja mara nne, akatoka.

"Dada mkubwa," akasema binti wa mapokezi, "si ungefungua historia ya kadi kwanza? Kila badiliko huandikwa humo."

"Naifungua nipate ushahidi!"

Akaifungua mbele yao wote. Juu kabisa: Ijumaa, saa nne na dakika tano asubuhi. Tarehe ya mwisho, kutoka kumi na mbili kwenda kumi na tisa. Aliyebadilisha: yeye mwenyewe.

"Kuna mtu alikalia kiti changu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka ngazi mbili. Akasoma mstari wa chini: *Imesogezwa pamoja na kazi inayotangulia: kupokea karatasi za majalada.*

Akakumbuka yote. Ijumaa msambazaji alipiga simu kuwa karatasi zitachelewa wiki. Simu ikiwa imebanwa begani, alisogeza tarehe ya kuzipokea. Kompyuta ikamuuliza kama isogeze na kazi zinazofuata, naye akabonyeza *Ndiyo* bila kusoma. Jumamosi karatasi zikafika ghafla. Akazipokea, akafurahi, akaziacha tarehe zilivyo.

Uso wake uliwaka moto, ungeweza kunyoosha shati. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Akatoka mbio. Mzee alikuwa kituo cha basi, aproni kwapani.

"Baba, ni mimi niliyeisogeza. Nisamehe."

"Umewaambia wao?"

"Wameona."

"Kuona si kuambiwa. Mimi ulinisema kwa mdomo."

Wakarudi pamoja, Mama Karatasi nyuma. Akasimama katikati ya wale saba, mikono haijui iwekwe wapi.

"Tarehe niliisogeza mimi. Mzee wetu nimemsingizia." Sauti ilitoka nyembamba hata mtu wa mashine akaizima ili asikie.

Mzee Herufi alifunga aproni, akavaa miwani. "Tuna siku mbili," akasema. "Nani analeta karatasi za majalada?"

Mama Karatasi akaenda kuzibeba mwenyewe, na hakuinua macho hadi lori lilipotoka na vitabu Jumatano jioni.