Jumamosi Kumi na Tatu za Jailos

Mwalimu Asukile wa Ilomba alikuwa mtu wa penseli. Akinunua ndizi, anaandika. Akizila, anaandika tena. Mkewe Damari alisema akifa atafufuka kidogo ahesabu michango ya msiba. Basi mdogo wake Jailos alipopata posho ya kusoma uinjinia Leeds, Uingereza, mpango wa matumizi ulitoka kwenye penseli hiyo: shilingi mia tano kwa mwezi, na kodi ya chumba, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni, mia mbili na themanini.

Aprili 1957 mfuko wa masomo uliotoa posho hiyo ulimwita mwalimu Iringa. Aeleze kodi iliyozidi, la sivyo posho isimame na Jailos arudi nyumbani.

Aliteremka kwenye basi pale Ipogolo, akapanda kilima kwa miguu. Ofisini, Bwana Kalinga, katibu wa mfuko, alikuwa amezipanga stakabadhi za kodi ya Jailos mezani kama karata.

"Mwalimu, miezi mitatu mara nne ni ngapi?"

"Kumi na mbili, bwana."

"Hapa zipo kumi na tatu, kila moja shilingi sabini. Hiyo ya kumi na tatu ni ya chumba cha nani? Kijana amepata mchumba?"

"Mchumba gani kwa posho hiyo? Labda wa kuchora."

Kalinga hakucheka. Asukile akavuta kalenda ya ukutani, akaweka kila stakabadhi juu ya tarehe yake. Zote Jumamosi. Januari nne, Februari nne. Machi, tano.

Hapo akaelewa. Kwake Ilomba chumba hulipwa mwisho wa mwezi, basi. Kule Leeds mama mwenye nyumba hudai kila wiki. Angeweza kusema Waingereza wana hila. Lakini mdogo wake angebaki na doa.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilidhani kila mwezi una wiki nne. Mwaka una hamsini na mbili."

Akageuza karatasi, akazidisha, akagawa kwa kumi na mbili: mia tatu na tatu na senti. Akaandika mia tatu na nne. Mwezi wa Jumamosi nne, ishirini na nne zinazobaki ziwekwe posta, zingojee mwezi wa Jumamosi tano. Mafungu ya vitabu na nauli yakapunguzwa; jumla ikarudi mia tano.

Kalinga akakagua, akakubali posho iendelee. Kisha akashika stakabadhi ya mwisho. "Lakini hii kailipa siku ileile. Hizo sabini alizitoa wapi?"

Asukile akasoma mpango wake wa zamani mstari kwa mstari. Fungu lililoweza kutoa sabini ni moja tu: chakula cha mchana. Akakumbuka barua ya Machi, Jailos akisema huko baridi humwondolea mtu njaa. Damari alikuwa amecheka sana.

"Mwandikie wewe," Kalinga alisema taratibu, akimsogezea karatasi. "Mwambie aliyekosea ni nani."

Asukile akaomba kalamu ya wino.