Hodi Tatu za Lemburis

Kila asubuhi Lemburis alinyoosha shati, akafunga tai, akavaa kandambili. Viatu, alisema, vinasubiri kazi. Halafu anatoka chumba chake cha kupanga hapa Kaloleni, anakuja steshenari kwa Bi Salha kukalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ya waifai. Anatafuta mainjinia LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi.

Digrii ya maji anayo. Ila mama yake alishasema, ikifika Jumamosi hakuna hata mtu mmoja aliyemjibu, arudi kijijini Kikwe akafunge nyanya kwenye miti.

Bi Salha alikuwa katibu muhtasi miaka thelathini. Huwa hachungulii simu za watu, lakini Jumatano ile alichungulia. Lemburis alikuwa anamwandikia Injinia Namnyaki, mama mtu mzima mwenye ofisi Sekei: "Oya Injinia, mambo vipi? Niunge basi, ukisikia mchongo nicheki, hata kubeba mabomba."

"Huyo mmecheza naye bao?" Bi Salha akauliza.

Lemburis akajitetea kwamba wenzake huandika hivyo. Akakiri waliotangulia wote walikaa kimya. Na akaunti ya bure ina jumbe chache kwa mwezi. Alibakiwa na ujumbe mmoja, herufi mia mbili tu, nafasi nazo zinahesabiwa.

"Toka nje, ubishe hodi. Mimi ndiye Injinia." Akakaza miwani, akawa Injinia kweli.

Hodi ya kwanza aliomba kazi kabla hajakaribishwa. Akafukuzwa. Ya pili akaja na adabu zote za kwao: habari za nyumbani, watoto, mvua, mifugo.

"Herufi zimeisha," Bi Salha akamwambia, "na bado uko kwa ng'ombe."

Mzee aliyekuja kutoa kopi ya cheti naye akarudishwa mlangoni, aeleze shida yake kwa kifupi. Akaeleza.

Hodi ya tatu Lemburis aliongea taratibu, Bi Salha anachapa: "Shikamoo Injinia Namnyaki. Mimi ni Lemburis, mhitimu wa uhandisi wa maji. Nilisoma andiko lako la floraidi kwenye visima vya Meru, kwetu. Naomba kuungana nawe nijifunze kazi yako. Asante."

"Mbona kazi sijaomba?"

"Kwanza ufunguliwe mlango."

Akatuma. Alhamisi kimya, Lemburis akaanza kuuliza bei ya kamba za nyanya. Ijumaa saa tatu simu ikalia. Injinia amekubali, na ameandika: "Marahaba. Nina sampuli za visima na sina msaidizi. Upo mjini? Pita ofisini leo tuongee."

Lemburis akaanza kuchapa "Oyaaa." Bi Salha akamnyooshea kidole mlangoni. Akatoka kubisha hodi.

Sisi wa dukani tukasubiri. Bi Salha ameshakaza miwani, ameshakuwa Injinia, hodi haiji. Mwishowe yule mzee wa cheti, aliyerudi kutoa kopi nyingine, akachungulia, akasema kijana mwenye tai na kandambili kapita mbio, njia ya Sekei.

Hakurudi tena kukaa. Jumatatu tulimwona akipita, kavaa viatu. Ile ndoo Bi Salha aliigeuza, siku hizi anawekea maji.